84 ± 0.05: namna ya kuipima spesa kwa hesabu ya mstari mmoja

Mchoro ulioletwa karakanani kwetu Shimanzi, Mombasa, ulikuwa wa spesa ya chuma, yaani kipande kifupi cha bomba lenye kuta nene, na kando ya urefu wake pameandikwa 84 ± 0.05. Vipimo vyote vilikuwa kwa milimita. Mteja alitaka spesa nane. Kijana wetu wa mashine ya kukereza, aliyetoka chuo cha ufundi mwaka jana, aliutazama mchoro kisha akaniuliza: "Ami, sasa mimi nikate ngapi? Themanini na nne kamili, au na hiyo ya juu yake?"

Swali lake lina uzito kuliko linavyosikika, na jibu lake nitalifikia baadaye. Kwanza lazima tujue mchoro unasema nini.

Hakuna mashine inayokata 84 kamili. Kisu cha mashine huisha makali kidogo kidogo, chuma hupata moto, na mkono wa fundi nao una yake. Mchoraji anajua hayo yote, kwa hiyo yeye hatuombi 84 kamili. Anatwambia: nataka 84, na nitakuvumilia ukikosea kwa 0.05 tu, uende juu au uende chini. Ruhusa hiyo ndiyo tunayoiita toleransi.

Kwa nini ruhusa ya juu na ya chini ziwe sawa? Kwa kazi hii sababu ilikuwa wazi. Spesa inakaa kwenye shafti ya pampu, katikati ya beringi mbili. Pete za nje za beringi zimeshikwa na nyumba ya pampu, hazisogei. Pete za ndani zinabanwa na nati dhidi ya spesa. Spesa ikiwa fupi, nati ikikazwa inazivuta pete za ndani zikaribiane, na gololi zinabanwa upande mmoja. Spesa ikiwa ndefu, inazisukuma pete za ndani mbali, na gololi zinabanwa upande wa pili. Nafasi ndogo iliyomo ndani ya beringi inameza kosa dogo. Kosa likipita nafasi hiyo, beringi inapata moto, inaanza kulia, kisha inakufa. Kwa hiyo ufupi na urefu ni madhara ya aina moja, na anachotaka kujua mchoraji ni kimoja: kipande kiko mbali kiasi gani na 84?

Hapo ndipo hesabu ya thamani kamili inapoingia, ile inayoandikwa kwa mistari miwili ya wima. Wengi waliisoma shuleni kama "ondoa alama ya kutoa" wakaiacha hapo hapo. Mimi huielewa kwa saa. Saa mbili kasorobo na saa mbili na robo ni nyakati mbili tofauti, lakini zote ziko robo saa kutoka saa mbili. Neno "kasoro" linakwambia upande, na neno "robo" linakwambia umbali. Thamani kamili inaliacha neno la kwanza na kulichukua la pili. Spesa ya 84.03 imezidi kwa 0.03. Spesa ya 83.97 ina kasoro ya 0.03. Umbali wa zote mbili kutoka 84 ni 0.03.

Basi urefu wa kipande tukiuita x, umbali wake kutoka 84 ni |x − 84|, na agizo lote la mchoro linakuwa mstari mmoja:

|x − 84| ≤ 0.05

Usomeke hivi: umbali kati ya urefu wa kipande na 84 usizidi 0.05. Alama ya ≤ inasema kuwa 0.05 yenyewe bado inapita. Ukiifungua mistari ya wima unapata sharti mbili kwa pamoja:

−0.05 ≤ x − 84 ≤ 0.05

Ukiongeza 84 kila upande, unapata mipaka ambayo fundi ameizoea: 83.95 ≤ x ≤ 84.05. Hizi ni njia tatu za kusema jambo moja. Ile ya mwisho ni nzuri kuandikwa kwa chaki ubavuni mwa mashine. Ile ya kwanza ina faida kwamba inakuonyesha papo hapo kitovu ni kipi na ruhusa ni kiasi gani, na kwa kuvikagua vipande vingi inakupa nambari moja ya kulinganisha badala ya mbili.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuifuta mistari ya wima akaacha x − 84 ≤ 0.05 pekee. Chukua spesa iliyokatwa vibaya kabisa, ya milimita 80. Ukitoa 84 unapata kasoro 4, na kasoro 4 ni ndogo kuliko 0.05, kwa hiyo hesabu inasema ipite. Yaani kila kipande kifupi kinapita, hata kiwe kifupi vipi. Ukiona jedwali la ukaguzi ambalo halijawahi kukataa kipande kifupi, tafuta kosa hili kwanza.

Sasa tuzipime spesa zetu. Tulitumia maikromita ya milimita 75 hadi 100, inayosomeka hadi 0.01. Kijana alipima, akaandika, akatafuta umbali:

| Spesa | Kisomo | Tofauti na 84 | Umbali |
|---|---|---|---|
| 1 | 84.03 | +0.03 | 0.03 |
| 2 | 83.98 | −0.02 | 0.02 |
| 3 | 84.06 | +0.06 | 0.06 |
| 4 | 84.00 | 0 | 0 |
| 5 | 83.95 | −0.05 | 0.05 |
| 6 | 84.05 | +0.05 | 0.05 |
| 7 | 83.96 | −0.04 | 0.04 |
| 8 | 84.02 | +0.02 | 0.02 |

Akasema saba zimepita, ya tatu tu ndiyo mbovu. Kwa nambari hizo alikuwa sahihi. Namba 5 na namba 6 ziko mpakani hasa, na mpaka ni halali. Akaongeza kwamba ukichukua wastani wa tofauti zote unapata chini ya 0.01, kwa hiyo kazi ni nzuri sana. Hapo nilimsimamisha. Wastani ule umepatikana kwa kuacha zilizozidi zifidie zilizopungua: +0.05 ya namba 6 imefutana na −0.05 ya namba 5. Kwenye pampu hazifidiani. Kila spesa inaingia kwenye pampu yake, na beringi ya pampu moja haipati nafuu kwa kuwa spesa ya pampu nyingine imekosea kinyume. Sharti linaulizwa kipande kimoja kimoja.

Lakini kosa kubwa lilikuwa kwangu, nami nalisema kwa sababu nimeliona kwa mafundi wengine wengi. Nilimwachia apime kabla ya kuithibitisha maikromita. Maikromita ya saizi hii huja na kijiti cha chuma cha milimita 75 kamili, na kazi ya kijiti hicho ni hiyo tu: unakipima kabla ya kuanza, na kisomo kinapaswa kuwa 75.00. Tulipokipima, ilisoma 75.02. Kumbe kila kisomo kwenye jedwali kilikuwa kimezidi kwa 0.02.

Kwenye ule mstari wetu, x si kile kinachosomeka kwenye maikromita. x ni urefu wa kipande. Kisomo ni habari tu kuhusu x, na habari hii ilikuwa na nyongeza. Kwa hiyo x = kisomo − 0.02, na jedwali linageuka:

| Spesa | Urefu baada ya kusahihisha | Tofauti na 84 | Umbali |
|---|---|---|---|
| 1 | 84.01 | +0.01 | 0.01 |
| 2 | 83.96 | −0.04 | 0.04 |
| 3 | 84.04 | +0.04 | 0.04 |
| 4 | 83.98 | −0.02 | 0.02 |
| 5 | 83.93 | −0.07 | 0.07 |
| 6 | 84.03 | +0.03 | 0.03 |
| 7 | 83.94 | −0.06 | 0.06 |
| 8 | 84.00 | 0 | 0 |

Angalia yaliyotokea. Namba 3 tuliyokuwa tunaitupa ni nzima. Namba 5 na namba 7 tulizokuwa tunazifunga kumpelekea mteja ni mbovu. Hesabu ya mwanzo haikuwa na kosa hata moja. Ilikuwa inajibu kuhusu vipande ambavyo havikuwapo mezani.

Namba 5 na 7 zinafundisha jambo jingine pia, na hapa ndipo lile swali la kijana linapopata jibu. Thamani kamili ni hakimu wa kupita na kutopita, basi. Haikwambii ufanye nini baada ya hapo, kwa kuwa imekwisha kulitupa neno "kasoro". Kwa fundi neno hilo ndilo fedha. Spesa iliyozidi kwa 0.07 unairudisha kwenye mashine, unaikwangua uso kidogo, inapita. Iliyopungua kwa 0.07 ni chuma chakavu, kwa sababu hakuna kisu cha kuongeza. Ndiyo maana jedwali langu lina safu ya tofauti na safu ya umbali, wala siifuti ya kwanza baada ya kupata ya pili. Na ndiyo maana nilimwambia kijana: usilenge 84.00, lenga 84.02. Ukikosea kwa 0.03 kwenda juu bado uko ndani, na ukizidi hapo unaweza kurekebisha. Upande wa chini, usio na marekebisho, umejiwekea nafasi ya 0.07.

Kuna kitu kingine kinachoibadilisha x, na sisi wa pwani tunaishi nacho: joto. Vipimo vya michoro ya uhandisi huhesabiwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, kwa kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 1. Karakana ya mabati Mombasa mchana wa Februari haiijui nyuzi 20. Chuma hurefuka takriban sehemu 11.5 katika milioni kwa kila nyuzi moja. Spesa ya milimita 84 iliyotoka kwenye kisu sasa hivi, ikiwa na moto wa nyuzi 30 kuliko maikromita, imerefuka kwa 84 × 0.0000115 × 30, yaani karibu 0.03. Hiyo ni zaidi ya nusu ya ruhusa ya 0.05. Ukiipima hivyo ikasoma 84.00, ikipoa itakuwa 83.97. Kijana atadhani iko kitovuni, kumbe imeshakaribia mpaka wa chini, upande usiorekebishika.

Dawa haihitaji kiyoyozi. Spesa ni ya chuma, na maikromita nayo ni ya chuma. Vikilala pamoja juu ya bamba la chuma mpaka vilingane joto, vinarefuka karibu sawasawa, na kosa linafutika lenyewe hata karakana ikiwa na nyuzi 32. Sisi tunaziacha kazi za asubuhi zipoe hadi baada ya chakula cha mchana, ndipo tunapima. Kwa shaba nyeupe hilo halitoshi kikamilifu, maana shaba inarefuka zaidi ya chuma. Kwenye urefu huu na nyuzi 32 inabaki tofauti ya karibu 0.008, ambayo kwa ruhusa ya 0.05 naweza kuibeba, lakini kwa ruhusa ya 0.01 nisingethubutu.

Baada ya kusahihisha na kupoza, bado kuna shaka inayobaki. Mkono wa leo unakaza maikromita zaidi kidogo kuliko wa jana, na mstari uko baina ya alama mbili. Tulipoipima spesa moja mara kumi, visomo vilitembea ndani ya 0.01 kwenda juu au chini. Basi kipande kinachoonekana kuwa na umbali wa 0.05 huenda kweli kina 0.06. Kanuni ya ISO 14253-1 inalitatua hili kwa namna ninayoiona ya haki: anayetaka kuthibitisha kuwa kipande ni kizima anaibeba shaka hiyo yeye mwenyewe. Muuzaji anaitoa kwenye ruhusa yake. Sharti letu la ndani likawa:

|x − 84| ≤ 0.05 − 0.01, yaani |x − 84| ≤ 0.04

Mnunuzi naye akitaka kukataa, aonyeshe kuwa umbali umepita 0.06. Katikati ya 0.04 na 0.06 ni eneo la ubishi, na njia bora ya kuukwepa ubishi ni kutompelekea mtu kipande kilicho humo. Kwa sharti hili jipya, namba 1, 4, 6 na 8 zinapita kwa raha, namba 2 na 3 zinapita zikiwa mpakani kabisa.

Au ndivyo tulivyoona kwa macho. Kijana alipoyaingiza mambo haya kwenye kompyuta kwa Excel, akiwa na urefu uliosahihishwa kwenye safu ya B, aliandika:

```
=ABS(B2-84)<=0.04
```

Namba 2 na namba 3 zote zikajibu FALSE. Alizihesabu tena kwa kalamu, akapata 0.04, akarudi kwenye skrini, bado FALSE. Aliona kompyuta imeharibika. Haikuharibika. Kompyuta huhifadhi nambari kwa mfumo wa jozi, wa sifuri na moja, na 83.96 haiandikiki kikamilifu kwa mfumo huo, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali. Inahifadhi nambari ya jirani, na umbali wake kutoka 84 unakuwa 0.04000000000000625. Mabaki yale ya mwisho hayana maana yoyote kwa chuma, lakini yanatosha kuifanya nambari iwe kubwa kuliko 0.04. Kinachoudhi ni kwamba kwa mpaka wa 0.05 hitilafu inaangukia upande wa pili, vipande vya mpakani vinapita bila shida, kwa hiyo unaweza kulitumia jedwali miaka miwili usione kitu. Tiba ni kuirudisha nambari kwenye usahihi wa kifaa kabla ya kuilinganisha:

```
=ROUND(ABS(B2-84),2)<=0.04
```

Maikromita yetu inasoma desimali mbili, basi tunalinganisha desimali mbili. Sasa zote mbili zinajibu TRUE. Spesa sita zilifungwa, mbili zikakatwa upya.

Nilidhani somo limekwisha, mpaka ilipokuja kazi ya pili wiki ile ile: bushi ya kukaa kati ya masikio mawili ya chuma kwenye trela la kubebea kontena. Mchoro ulisema 120, na juu yake kwa maandishi madogo 0, chini yake −0.20. Kijana, kwa furaha ya aliyekwisha kuelewa, aliandika |x − 120| ≤ 0.20.

Nikamuuliza, bushi ya 120.15 itapita kwa hesabu yako? Akatoa, akapata 0.15, akasema inapita. Nikamwonyesha mchoro: juu ni sifuri. Masikio ya trela hayatanuki. Bushi ikizidi 120 huenda isiingie kabisa, utaipiga nyundo mpaka uikunje. Ikipungua kidogo inacheza tu, na mchezo huo mchoraji ameukubali hadi 0.20. Madhara ya pande mbili hayalingani, kwa hiyo ruhusa nazo hazilingani, na 120 iliyoandikwa kwa herufi kubwa si kitovu. Ni ukingo.

Bado mstari mmoja wa thamani kamili unatosha, ila kitovu lazima ukitafute. Mipaka ni 119.80 na 120.00. Kitovu ni nusu ya jumla yake, 119.90. Ruhusa ni nusu ya tofauti yake, 0.10:

|x − 119.90| ≤ 0.10

Jaribu ile ya 120.15: umbali wake ni 0.25, imekataliwa. Bushi ya 119.78: umbali ni 0.12, imekataliwa pia, ilhali hesabu ya kijana pia ingeikataa, kwa hiyo kwa upande wa vipande vifupi asingejua kuwa amekosea. Kosa lake lingejificha hadi siku bushi ya kwanza ndefu itakapofika kwenye trela. Bushi ya 120.00 yenyewe ina umbali wa 0.10, inapita, na kwa kuwa shaka yetu ni 0.01, kwa sharti la ndani la 0.09 tunairudisha kwenye mashine. Imezidi, basi inarekebishika.

Kijana aliifuta 120 ubavuni mwa mashine, akaandika 119.90, kisha akaenda kukitafuta kijiti cha maikromita kubwa kabla sijamwambia.